Rangi Mbili Zinatosha Kukijua Kioo?

Mwanafunzi wa fizikia ana mche wa kioo wenye pembe tatu na taa ya hidrojeni. Ana pia kalamu ya leza ya kijani, ile inayotoa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532. Anataka kujua leza hiyo itapinda kiasi gani ikiingia ndani ya kioo chake. Tatizo ni kwamba taa yake haina kijani hicho. Hidrojeni hutoa mistari michache tu ya rangi, na miwili iliyo rahisi kuonekana ni mwekundu wa nanomita 656.3 na wa samawati wa nanomita 486.1. Rangi anayoitaka imekaa katikati, mahali ambapo taa iko kimya.

Njia ya kutoka hapo ina umri wa karibu miaka 190. Unapima mpindo kwa hizo rangi mbili, unatafuta namba mbili tu, na namba hizo zinakupa jibu la rangi yoyote iliyo katikati. Hesabu yenyewe inamalizika kwenye nusu ukurasa wa daftari. Ugumu uko kwingine: namba mbili zinazotokana na vipimo viwili hulingana na vipimo hivyo siku zote, hata kama vipimo vyenyewe vimekosewa.

Tuanze na kinachopimwa. Nuru ikiingia kwenye kioo hupunguza mwendo. Ukigawanya mwendo wake katika ombwe kwa mwendo wake ndani ya kioo, unapata namba ambayo hapa tutaiita kipimo cha mpindo, na wanafizikia huiandika kwa herufi n. Kwa kioo cha kawaida cha lenzi namba hiyo ni kama 1.5. Maana yake ni kwamba nuru inayokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde angani, ndani ya kioo inakwenda kama kilomita 200,000.

Lakini kioo hakitendi sawa kwa rangi zote. Urujuani hupunguzwa mwendo zaidi kuliko nyekundu, kwa hiyo hupinda zaidi, na ndiyo sababu mche wa kioo huifungua nuru nyeupe ikawa utepe wa rangi. Tofauti ni ndogo. Chukua kioo kinachotumika sana katika lenzi na darubini, kinachotengenezwa na kampuni ya Schott ya Ujerumani kwa jina N-BK7. Katalogi yake inasema kwa mstari mwekundu wa hidrojeni n ni 1.51432, na kwa mstari wa samawati ni 1.52238. Kati ya rangi hizo mbili pana tofauti ya 0.00806, chini ya asilimia moja ya namba yenyewe. Utepe wote wa rangi umejificha ndani ya tarakimu za tatu, za nne na za tano baada ya nukta.

Katalogi za vioo huiita mistari hiyo miwili C na F. Herufi hizo zilitoka kwa Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Bavaria, ambaye katika miaka ya 1814 na 1815 alichunguza utepe wa nuru ya jua akaona umekatwa na mistari myeusi. Aliipa iliyo minene herufi za alfabeti. Kabla yake, mtu akisema amepima mpindo wa "nyekundu" hakuna aliyejua ni nyekundu ipi. Fraunhofer alikuwa anatafuta vioo bora vya darubini, na mistari ile ikampa alama zisizohama, kama vigingi vya mpaka wa shamba.

Aliyeleta kanuni alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Augustin-Louis Cauchy, mwanahisabati Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1789, aliondoka Ufaransa baada ya mapinduzi ya 1830 kwa sababu alikataa kuapa utii kwa mfalme mpya. Akaishia Praha akimfundisha mjukuu wa mfalme aliyepinduliwa, na huko Praha, mwaka 1836, akachapisha kitabu kuhusu mtawanyo wa rangi za nuru. Maelezo yake yalitegemea dhana ya etha, kitu kilichodhaniwa kujaza anga yote, na dhana hiyo imekwisha kuachwa. Kanuni imebaki. Katika umbo lake fupi ina vipande viwili tu:

n = A + B/λ²

Hapo λ ni urefu wa wimbi wa rangi husika, na A na B ni namba mbili za kioo husika. A ni kama kimo cha msingi ambacho rangi zote zinakaribiana nacho, na B inasema rangi zinatawanyika kwa nguvu gani. Wimbi likiwa fupi, λ² ni ndogo, kwa hiyo kipande cha pili kinakua na n inapanda. Ndivyo urujuani unavyopinda kuliko nyekundu.

Kwa nini hasa λ igawanye mara mbili? Ndani ya kioo mna elektroni zilizoshikiliwa mahali pake, nazo hutikiswa na nuru inayopita, kama bembea inavyosukumwa. Kila bembea ina mdundo wake inaoupenda, na kwa kioo mdundo huo uko mbali kwenye urujuanimno, ng'ambo ya rangi tunazoziona. Kadiri rangi inavyokaribia mdundo huo, elektroni hujibu kwa nguvu zaidi na nuru hucheleweshwa zaidi. Ukiandika jambo hilo kihisabati na kuchukua hatua ya kwanza tu ya mfululizo, unapata 1/λ². Hatua ya pili ingekuwa 1/λ⁴, kisha zikaendelea. Kanuni fupi inazitupa hizo zote kwa matumaini kwamba ni ndogo.

Sasa hesabu. Urefu wa wimbi tuuandike kwa mikromita, ambapo mikromita moja ni nanomita 1,000. Mstari C ni 0.656273, na 1 ukigawanya kwa mraba wake unapata 2.3218. Mstari F ni 0.486133, nao unatoa 4.2315. Kwa kila mstari tuna mlinganyo mmoja. Tukitoa mmoja kwenye mwingine, A inajifuta yenyewe kwa sababu imo sawasawa katika yote miwili, na kinachobaki ni B peke yake:

B = (1.52238 − 1.51432) / (4.2315 − 2.3218) = 0.00806 / 1.9097 = 0.00422

Kisha tunarudi kwenye mstari mwekundu: A = 1.51432 − 0.00422 × 2.3218. Ukibeba tarakimu zote za kikokotoo bila kukata njiani, unapata 1.50452. Kazi imekwisha. Kioo hiki kimeandikwa kwa namba mbili, 1.50452 na 0.00422.

Ile leza ya kijani? Nanomita 532 ni mikromita 0.532, na 1 kugawanya kwa mraba wake ni 3.5333. Zidisha kwa B, jumlisha na A, upate 1.51943. Ukitafuta thamani ya kweli kwa kanuni ndefu ambayo kiwanda chenyewe hutumia, unakuta kama 1.5195. Mwanafunzi aliyepima nyekundu na samawati amekisia kijani akakosea kwa chini ya sehemu moja ya elfu kumi. Kwa kanuni yenye vipande viwili, iliyozaliwa katika nadharia iliyokufa, hilo ni jambo la kustaajabisha.

Kabla ya kwenda mbele, kuna mitego mitatu midogo ambayo imewapotezea wengi jioni nzima. Wa kwanza ni vipimo vya urefu. B ina kipimo chake, mikromita za mraba. Mtu akitumia nanomita, B hiyo hiyo inakuwa kama 4,220. Akichanganya, yaani achukue 0.00422 kisha aweke λ kama 532, kipande cha pili kinakaribia sifuri na kioo kinaonekana hakitawanyi rangi hata kidogo. Wa pili ni kukata tarakimu mapema. Mtu akiandika 1.51 na 1.52, tofauti inakuwa 0.01 badala ya 0.00806, na B inapanda kwa karibu robo nzima. Wa tatu ni kugeuza utoaji juu bila kuugeuza chini. Huo unajitangaza wenyewe: B inatoka hasi, na kanuni inadai nyekundu inapinda kuliko urujuani.

Makosa yanayojificha huanzia mezani, kwenye kupima, na hapo inafaa kukaa kidogo.

Chombo kinachotumika ni spektromita. Nuru ya taa hupita kwenye ufa mwembamba, ikanyooshwa na lenzi, ikaingia kwenye mche wa kioo uliowekwa juu ya meza ndogo inayozunguka, kisha ikapokewa na darubini ndogo inayotembea juu ya sahani yenye alama za nyuzi. Mpimaji anautazama mstari mmoja wa rangi huku akizungusha mche polepole. Mstari unatembea upande mmoja, unapunguza kasi, unasimama, halafu unarudi ulikotoka ingawa mche bado unazungushwa kulekule. Pale unaposimama ndipo mchepuko ulipo mdogo kuliko wote, na pembe ya hapo ndiyo inayosomwa. Pembe hiyo pamoja na pembe ya mche zinatosha kutoa n.

Kwa mche wa nyuzi 60 wa kioo chetu, mstari mwekundu husimama kwenye nyuzi 38 na dakika 26 hivi, na wa samawati kwenye nyuzi 39 na dakika 8 hivi. Dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Tofauti kati ya mistari miwili ni dakika 42 au 43 tu, na B yote inatoka kwenye tofauti hiyo. Spektromita nyingi za mafunzo husomeka hadi dakika moja. Mpimaji akikosea dakika moja kwenye mstari mmoja, n ya mstari huo inahama kwa takriban 0.0002. Kwa A hilo si kitu. Kwa B ni kosa la zaidi ya asilimia 2.

Hapo ndipo uchaguzi wa rangi mbili unapokuwa na uzito. Tuseme mpimaji hana taa ya hidrojeni, ana ya zebaki, naye anachagua mistari inayong'aa kuliko yote machoni: wa kijani wa nanomita 546 na jozi ya njano iliyo karibu na 578. Ni mizuri na rahisi kuilenga. Lakini iko karibu mno. Tofauti yao ya 1/λ² ni 0.36 tu, wakati ya C na F ilikuwa 1.91. Kosa lile lile la dakika moja sasa linaharibu B kwa zaidi ya asilimia 12. Ni sawa na kunyoosha uzio mrefu kwa kulenga vigingi viwili vilivyo hatua moja kutoka kimoja hadi kingine: kikisogea kimoja kidogo, mwisho wa uzio unaingia shambani kwa jirani. Akitumia B hiyo kukisia n ya mstari wa urujuani wa zebaki, nanomita 404.7, kosa linakua hadi kama 0.0016, mara nane ya kosa aliloanza nalo. Angechagua mstari wa urujuani na wa njano toka mwanzo, ingawa urujuani ni hafifu na unachosha jicho, angepata B iliyo bora mara nyingi.

Lakini atajuaje kwamba amekosea? Hawezi kujua kwa kuirudisha B kwenye vipimo vyake. Ukiweka nukta mbili kwenye karatasi, rula itapita katikati ya zote mbili daima, ziwe za kweli au za uongo. Mtu anayesema kanuni yake "imelingana kikamilifu" na vipimo viwili hajasema chochote kuhusu kioo. Anachohitaji ni mstari wa tatu ambao hakuutumia kwenye hesabu.

Taa ya sodiamu inafaa kazi hiyo. Njano yake, kwa wastani wa jozi yake, ni nanomita 589.3. Kanuni yetu inabashiri hapo 1.51667, na kioo chenyewe ni 1.51673. Tofauti ya 0.00006 ni ndogo kuliko kosa la dakika moja, kwa hiyo spektromita ya mafunzo haiwezi hata kuiona, na mpimaji ana haki ya kuridhika. Kama angekuta tofauti ya 0.001, angepaswa kurudi mezani: pengine alisoma sahani vibaya, pengine alidhani mstari mmoja ni mwingine.

Hata hivyo kuna kosa ambalo mstari wa tatu nao hauwezi kulifichua, na linastahili kujulikana kuliko mengine yote. Ni kosa la pembe ya mche wenyewe. Mpimaji akidhani mche wake ni wa nyuzi 60 kamili kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye kisanduku, kumbe umepungua dakika chache, kila n anayoipata inasogea kwa kiasi kinachokaribia kuwa sawa: kama 0.0002 kwa kila dakika. Nyekundu inasogea, samawati inasogea, na njano ya sodiamu inasogea pamoja nazo. B haiguswi, A inabeba kosa lote, na mstari wa tatu unakubaliana na ile miwili kwa sababu wote wamepotoshwa na chanzo kimoja. Dawa ni kuipima pembe ya mche kwa spektromita hiyohiyo, kwa kutazama nuru inayoakisiwa na nyuso zake mbili, kabla ya kugusa taa yoyote. Wanaoruka hatua hiyo hupata grafu nzuri ya kioo kisichokuwepo.

Tuseme sasa vipimo ni safi kabisa. Kanuni inafika wapi kabla ya kuanza kudanganya? Kwa N-BK7, kuelekea urujuani inakwenda vizuri kuliko mtu angetarajia. Kwenye nanomita 404.7 inasema 1.53030, na katalogi inasema 1.53024. Lakini kioo hiki ni mpole. Kuna kingine cha zamani, F2, chenye risasi nyingi ndani yake, cha jamii inayoitwa flinti. Kwa C n yake ni 1.61503 na kwa F ni 1.63208, na B yake inatoka 0.0089, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Kwenye mstari wa samawati wa zebaki, nanomita 435.8, kanuni inabashiri 1.64130 wakati kweli ni 1.64202. Kosa limefika 0.0007, na hilo hata chombo cha kawaida kinaliona. Risasi imeuvuta ule mdundo wa elektroni karibu na rangi zinazoonekana, kwa hiyo vile vipande vya mfululizo vilivyotupwa havikuwa vidogo tena. Kwa kioo cha aina hii mtu apime rangi tatu na kuongeza kipande cha 1/λ⁴.

Upande wa pili, ng'ambo ya nyekundu, hata kipande hicho hakisaidii. Kanuni ya Cauchy inadai kwamba wimbi likizidi kuwa refu, n inashuka taratibu na kutulia kwenye A, yaani 1.5045 kwa kioo chetu, na haivuki hapo kamwe. Kioo hakijui amri hiyo. Kwenye nanomita 1,014, katika infraredi ya karibu, n ya kweli ni 1.50731 na kanuni inasema 1.50863. Kwenye 1,530, eneo linalotumika katika nyaya za nuru za mawasiliano, n imeshuka hadi 1.50091, chini ya ile A iliyodhaniwa kuwa sakafu. Sababu ni kwamba kioo kina mdundo mwingine mbali kwenye infraredi, safari hii wa atomi zenyewe zinazotikisika, nao huivuta n chini. Kanuni yenye vipande viwili haina mahali pa kuuandika. Sellmeier, Mjerumani, alitoa mwaka 1871 kanuni inayotaja midundo hiyo waziwazi, na viwanda vya vioo leo huandika kila kioo kwa umbo lake lenye namba sita.

Namba sita zinahitaji vipimo vingi na vyombo vya gharama. Mwenye taa moja na mche mmoja bado atapata jibu zuri kwa namba mbili, ili mradi abaki kati ya rangi alizozipima. Kwa hiyo anayeandika A na B kwenye daftari lake aandike pia, kando yake, ni mistari gani miwili aliyoitumia, pembe ya mche aliyoipima mwenyewe, na mstari wa tatu ulikosana na kanuni kwa kiasi gani. Bila hayo, atakayelifungua daftari hilo baadaye hatajua namba hizo zinafaa kwa kijani cha leza au zinafaa kufutwa.